Pikipiki mpya ya mkataba au mtumba wa keshi? Ndugu wawili wa Moro

Hawa ndugu wawili wanapiga boda Morogoro mjini, na pale kijiweni anayetolewa mfano siku zote ni mdogo, kwamba yule ndo mjanja. Mkubwa alichukua Boxer mpya kwa mkataba, kianzio laki 3 alafu elfu 60 kila wiki kwa wiki 66, yani mpaka anamaliza katoa 4,260,000 kwa chombo ambacho dukani kilikua 2,900,000. Mdogo kanunua mtumba kwa 1,400,000 mkononi, hadaiwi na mtu.

Ila mi naona watu wanaanza kuhesabu katikati. Mdogo ile hela aliidunduliza wiki hizohizo 66, na mda wote huo alikua anaendesha pikipiki ya bosi, hesabu elfu 7 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni 2,772,000 imeenda kwa bosi na hairudi. Jumlisha na bei ya mtumba, unapata 4,172,000. Wamepishana elfu 88 tu! Na siku mdogo anakabidhiwa mtumba, mkubwa anamaliza deni akiwa na chombo cha mwaka na miezi mitatu ambacho injini yake haijawahi kufunguliwa.

Mtumba wenyewe ulimla kama laki 6 na nusu mwaka wa kwanza, pistoni, ringi, kupiga bore, valvu, bado siku za kushinda gereji bila kuingiza kitu. Muuzaji alimletea pikipiki ikiwa imeshapata moto, ukiwasha ikiwa ya baridi ndo unaona ule moshi wa bluu, hapo ujue inakula oili, ringi au sili za valvu zimeisha.

Sasa upande wa mkubwa nao usichukuliwe kirahisi, maana kadi inabaki kwa jina la mwenye chombo mpaka rejesho la mwisho. Wiki ya 40 aliumwa, akaruka marejesho mawili, wakaja kuibeba pikipiki, bila shemeji kumkopesha hela ya deni na faini, zaidi ya milioni 2 aliyokua kashalipa ingekua imepotea hivihivi. Na waliopotezewa hivo huwaoni kijiweni, washatoka kwenye kazi, ndo maana mkataba unaonekana salama kuliko ulivyo.

Kwa hiyo kama hela unayo tayari kwa mkupuo, tuseme umeuza mpunga, mtumba unakulipa kwasababu hupelekei bosi hesabu. Kama bado unadunduliza huku unalipa hesabu ya mtu, mi nakwambia mkataba, ila kwanza usome ukiumwa inakuaje na wanakupa siku ngapi kabla ya kuibeba.

Leo, miaka minne baadae, mkubwa kauza yake 1,300,000 bila usumbufu. Mdogo anataka kuuza, kadi ina jina la mtu aliyehama na simu haipatikani. Ukinunua mtumba linganisha namba ya chesesi na ya injini na zilizo kwenye kadi, na sehemu ya hela baki nayo mpaka umiliki uhamishwe TRA.