Hadithi ya mtoto mwenye pumu ianze siku ambayo hakohoi

Mwalimu mmoja ninayemfahamu amenitumia hadithi fupi ya watoto, akitaka kujua kama inafaa kusomewa darasa lake, maana ana mwanafunzi mwenye pumu. Nimeisoma na nimekasirika. Mvulana anacheza mpira, kifua kinambana, anapiga magoti uwanjani. Rafiki yake anakimbilia mkoba na kurudi na inhela. Mvulana anavuta, anapumua, wenzake wanashangilia, hadithi imekwisha.

Karibu kila hadithi ya pumu inayonifikia iko hivyo. Wengine humwita ugonjwa zimwi linalotoka mafichoni, wengine humfanya mvulana shujaa, lakini njia ni ile ile: anabanwa, anavuta, anapona. Kazi yangu ni kukaa na watoto na wazazi wao na kuwafundisha kutumia inhela, na nawaambia hadithi hiyo inawarudisha watoto kwetu wakiwa hoi. Mtoto aliyeisikia ameelewa kwamba inhela ni kitu cha siku mbaya. Sasa mpe inhela ya kahawia, ile ya kukinga, mwambie avute asubuhi na jioni hata akiwa mzima kabisa. Kwa nini akukubalie?

Inhela ya kwenye hadithi zile ni ya kutuliza, ambayo mara nyingi huwa ya bluu. Ndani yake kuna salbutamoli. Inalegeza misuli iliyoizunguka mirija ya hewa, mtoto anapata nafuu ndani ya dakika chache, na baada ya saa nne hadi sita nguvu yake inakuwa imekwisha. Haigusi uvimbe ulio ndani ya mirija. Uvimbe ni kazi ya ile nyingine, ya kukinga, yenye steroidi kidogo kama beklometasoni au budesonidi, na hiyo haifanyi lolote mtoto analoweza kulihisi siku anapoivuta. Inachukua siku kadhaa, mara nyingi wiki kadhaa, kabla mirija haijatulia. Ukiiacha, uvimbe nao unarudi taratibu hivyo hivyo.

Hapo ndipo shida yote ilipo. Mtoto akigusa moto anaungua papo hapo, na somo limekwisha. Akiacha dawa ya kukinga leo, kesho ni mzima. Keshokutwa ni mzima. Wiki nzima ni mzima, naye anahitimisha, kwa akili yake timamu kabisa, kwamba dawa haikuwa na kazi. Anapokuja kubanwa, amekwishasahau siku aliyoacha, na mama yake anasema ni vumbi au ni mafua. Kosa na matokeo yake vimeachana kiasi kwamba hata watu wazima hawavioni pamoja. Ila hadithi inaweza kuziweka siku hizo zote kwenye ukurasa mmoja, mtoto akaziona kwa dakika tano. Tunayo nafasi hiyo mkononi, halafu tunaitumia kusimulia mtu aliyeanguka uwanjani.

Kwa hiyo nimemwandikia mwalimu nyingine. Ni hii:

Sudi ana miaka saba na ana pumu. Leo hakohoi. Jana pia hakukohoa. Amemshinda dada yake mbio mpaka kwenye mti, kisha amerudi akicheka.

Jioni mama alichukua inhela ya kahawia na ile chupa ya kuvutia dawa. "Sudi, njoo uvute dawa."

"Mama, mimi siumwi leo."

Mama akamketisha. "Unakumbuka mbu alipokuuma mkononi? Pale palivimba, pakawa pekundu, na hata nguo ikipita ilikuwasha. Ndani ya kifua chako kuna mirija midogo ya kupitisha hewa. Kuta zake zinapenda kuvimba namna hiyo. Zikivimba, vumbi kidogo tu linazichokoza, nazo zinajibana. Dawa hii inazituliza."

"Lakini sisikii kitu."

"Huwezi kuusikia uvimbe ukiwa mdogo. Nasi tunataka ubaki mdogo."

Sudi akavuta. Lakini moyoni alisema, nitajaribu. Siku iliyofuata, mama alipogeuka, akaipulizia dawa hewani.

Siku ya kwanza bila dawa alicheza. Siku ya pili alicheza. Wiki ikapita, akacheza kila siku. Ndani ya kifua chake kuta za mirija zilikuwa zinavimba polepole, wala hakuna aliyeziona.

Wiki ya pili alikohoa usiku, akalala tena. Usiku mwingine akakohoa mpaka dada yake akaamka. Akipanda ngazi ilimbidi asimame katikati. Akaomba inhela ya bluu Jumanne, akaiomba Alhamisi, akaiomba Jumamosi.

Kisha akapata mafua. Usiku ule kifua kilipiga filimbi, na Sudi hakuweza kusema sentensi moja mpaka mwisho. Mama akampa inhela ya bluu, wakaenda hospitali.

Alipopata nafuu, Sudi alimwambia mama ukweli. Mama hakumgombeza. Alimkumbatia, kisha akampa inhela ya kahawia. Usiku huo Sudi bado alikohoa. Usiku wa pili alikohoa pia. Dawa haikuwa imeshindwa, ilikuwa bado kazini. Wiki iliyofuata alikohoa usiku mmoja tu. Baada ya hapo akalala mpaka asubuhi, akaamka, akavuta dawa yake, akasukutua mdomo, akaenda kucheza.

Mtaona hakuna anayeanguka uwanjani. Tukio baya limepewa mistari michache, kwa sababu kilichonishughulisha zaidi ni ile wiki ambayo hakuna kilichotokea. Nyumba zinapotezea dawa kwenye wiki ile. Nimekaza pia pale aliporudia dawa na bado akakohoa, maana wazazi wengi hukata tamaa siku ya tatu na kusema hii haifanyi kazi, tupeni ya bluu tu.

Mwalimu aliniuliza kwa nini sikumwacha Sudi apone mara moja, watoto wafurahi. Kwa sababu si kweli, na mtoto mwenye pumu atajua si kweli usiku huo huo akiwa kitandani mwake. Tukimdanganya hapo, hataamini na yale mengine tuliyomwambia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila mtoto mwenye pumu anaandikiwa dawa ya kila siku. Wapo ambao pumu yao ni nyepesi na daktari amewapangia vingine. Lakini tunayemzungumzia hapa ameandikiwa ya kila siku, na kuandikiwa huko si kwa kubahatisha: anakohoa usiku, anabanwa akikimbia, anaitaka ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki. Hizo ni dalili kwamba uvimbe haujatulia, na salbutamoli peke yake inaufunika tu. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, umeacha kupendekeza vijana na watu wazima watibiwe kwa salbutamoli peke yake.

Kuna wazazi wanaosikia neno steroidi wakaificha inhela kabatini. Hofu yao naiheshimu, na haifai kujibiwa kwa kuwaambia wanyamaze. Watoto waliotumia budesonidi kila siku kwa miaka kadhaa walifuatiliwa mpaka ukubwani, wakaonekana wafupi kwa takriban sentimita moja. Hilo ni kweli na mzazi anastahili kuambiwa. Aambiwe pia kwamba dawa inayovutwa ni kidogo na inakwenda mahali inapotakiwa, ilhali mtoto anayebanwa kila mara huishia kupewa steroidi za vidonge, ambazo zinazunguka mwili mzima. Hofu ya kwamba mtoto atakuwa mteja wa dawa haina msingi. Uvimbe unarudi dawa ikiachwa kwa sababu ugonjwa upo.

Picha za hadithi nazo ziangaliwe. Nimeona mtoto mdogo amechorwa akijipulizia inhela mdomoni moja kwa moja, kichwa kimeinama. Hivyo dawa nyingi inagonga nyuma ya koo na kubaki huko. Mchoraji amchore Sudi ameketi wima na ile chupa ya kuvutia, ambayo hospitalini wengi huiita spesa. Inhela inatikiswa, midomo inafumba vizuri kwenye mdomo wa chupa, inabonyezwa mara moja tu, kisha mtoto anavuta na kutoa pumzi taratibu kama mara tano. Akiandikiwa mbili, inatikiswa tena na kurudiwa. Wapo wanaobonyeza mbili kwa pamoja ili wamalize haraka, na dawa inaganda kwenye kuta za chupa. Mwishoni anasukutua na kutema, la sivyo fangasi huota mdomoni, na mtoto mwenye vidonda vya mdomo hatakubali kuvuta kesho.

Jambo moja sikulitia kwenye hadithi kwa sababu ni la mzazi. Inhela isiyo na kihesabio huendelea kutoa mvuke hata dawa yake ikiwa imekwisha. Kopo la mipulizo 200, kwa mtoto anayevuta miwili asubuhi na miwili jioni, ni siku 50. Andika tarehe ya kuanza kwenye kopo lenyewe. Nimewaona watoto waliovuta kwa utii kila siku huku kopo likiwa tupu, na wazazi wao wakiapa kwamba dawa hii haifai.

Na mwenye kumsomea mtoto ajue mahali hadithi inapokoma. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi, ngozi ikizama katikati ya mbavu kila anapovuta hewa, midomo ikibadilika rangi, au ile ya bluu isipompa nafuu au nafuu yake isidumu saa nne, anapelekwa hospitali huku akiendelea kupewa ya bluu njiani.

Mwalimu ameomba nibadilishe sehemu moja: mama asiwe anampa Sudi dawa, Sudi aichukue mwenyewe, ili watoto wajifunze kujitegemea. Nimekataa. Mtoto wa miaka saba hawezi kuachiwa peke yake dawa ambayo faida yake haihisi na kuikosa kwake hakumuumi leo. Sudi aliipulizia hewani mama alipogeuka, na nimeandika hivyo makusudi. Kwenye ukurasa wa mwisho nimeongeza sentensi moja kwa ajili ya mtu mzima anayesoma kwa sauti: mama sasa anakaa naye mpaka amalize kuvuta.