Fahirisi ya Moran na maelezo ya ramani ya kata za Moshi

Je, chini ya ramani ya visa vya kuhara inatosha kuandika fahirisi ya Moran, au kata zenye mkusanyiko zitajwe kwa majina?

Wanaotetea fahirisi peke yake wana hoja nzito. Kata yenye eneo kubwa hulivuta jicho hata kama wakazi wake ni wachache, ilhali fahirisi hupima jambo moja tu: kama kata zinazopakana zinafanana kwa kiwango cha ugonjwa kuliko ambavyo bahati ingeweza kuleta. Tuchukue mfano wa kubuni kwa kata 21 za Manispaa ya Moshi, ambapo fahirisi imetoka 0.28. Pasipo mkusanyiko wowote, thamani inayotarajiwa si sifuri bali −1/(21−1), yaani −0.05. Viwango vikigawanywa upya kwa kata bila mpangilio mara 999, na migawanyo 11 ikatoa fahirisi ya 0.28 au zaidi, thamani ya p ni (11+1)/(999+1), yaani 0.012.

Hata hivyo, namba hiyo haisemi mkusanyiko uko wapi, na mhudumu wa afya anayepaswa kupima maji hawezi kuanzia kwenye wastani wa mji mzima. Hapo ndipo kipimo cha kata moja moja kinapohitajika, nacho kina hatari yake: ukipima kata 21 kwa kiwango cha 0.05, tarajia takriban kata moja ionekane na mkusanyiko kwa bahati tu. Kuitaja kata hiyo hadharani ni kuwatwisha wakazi wake sifa mbaya wasiyostahili, na kwangu hilo si jambo dogo.

Naona kata zitajwe, lakini baada ya kurekebisha vipimo hivyo vingi na kulainisha viwango vya kata zenye watu wachache, ambako visa viwili tu vya ziada hupandisha kiwango ghafla. Kabla ya yote, daftari likaguliwe: mgonjwa akiandikwa kwa kata ya kituo alikotibiwa badala ya anakoishi, ramani itaonyesha mkusanyiko wa vituo.

Maelezo ya ramani yangesomeka hivi: “Visa vya kuhara kwa wakazi 10,000, kwa kata ya makazi. Kata jirani ni zinazogusana kwa mpaka au kona. Fahirisi ya Moran 0.28; p = 0.012, migawanyo 999. Visa vya Moshi Vijijini havikuhesabiwa.” Sentensi ya mwisho ni ya lazima, kwa sababu kata za pembezoni zina majirani ng'ambo ya mpaka wa manispaa ambao hesabu haikuwaona. Tena, fasili ya ujirani ikibadilishwa kuwa kata nne zilizo karibu zaidi na fahirisi ikashuka sana, matokeo yote mawili yachapishwe.