Nyeupe Pe!

Kwa kuwa Mama Jesca ameshairusha ile video ya mashuka, na imefika mpaka kwa shemeji yangu Geita, acheni niseme mwenyewe. Hapana, mashuka yale sikuyafulia kwenye tope.

Mnajua nauza sabuni ya maji. Jumamosi nikataka picha ya tangazo: chupa imesimama juu ya jiwe, nyuma yake mashuka meupe kwenye kamba, jua linawaka, ziwa kwa mbali. Mashuka yangu yote yana maua, basi nikaazima manne kwa mama mwenye nyumba, yale anayotandikia wageni tu.

Bomba lilikuwa kavu tangu Alhamisi, nikachota kisima cha jirani. Maji yanatoka maangavu kabisa. Ila ndoo iliyolala nje usiku ilikuwa na vumbi jekundu chini. Nililiona. Nikasema ni uchafu wa ndoo. (Wewe unayecheka, subiri, bado.)

Nikafua, yakatakata. Ningeishia hapo! Tamaa ikanishika, nikayaloweka tena kwenye maji yaleyale na vifuniko vitatu vya dawa ya klorini, yawe meupe ya kuumiza macho. Nikayaanika yakichuruzika.

Mama Jesca anarekodi. Mimi nimepiga goti kando ya chupa: "Ukitumia sabuni hii..." Naona hanitazami. Nikageuka. Pindo la shuka la kwanza lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikadhani kivuli. Nikasogea pembeni, kivuli hakikusogea. Pale chini maji yalipokuwa yanadondoka, rangi ikazidi kukolea: chai ya maziwa, chai ya rangi, kutu. La pili likafuata. La tatu. Chupa nayo imesimama mbele, imeandikwa NYEUPE PE!, na mimi bado natabasamu kwa sababu mdomo ulikuwa haujapata taarifa.

Ndipo mama mwenye nyumba akatoka na ungo wa dagaa. Akatazama mashuka. Akatazama chupa. Akasoma lebo kwa sauti, taratibu, kama anasoma hati ya mashtaka.

Fundi pampu ndiye aliyenifungua macho: maji yale yana chuma kilichoyeyuka, hukioni, na klorini inakigeuza kutu inayong'ang'ania uzi. Ukiongeza klorini uondoe doa, umelikoleza. Bomba liliporudi nikasuuza mara nne mpaka harufu ya klorini ikaisha, maana ikikutana na ndimu hutoa hewa ya kukaba koo. Kisha ndimu na chumvi, juani. Matatu yamerudi. La nne lina ramani ya Ukerewe katikati, mama amesema nililalie mwenyewe.

Na wewe uliyeuliza chini ya video kama hiyo rangi ya kahawia naiuza kwa lita, nimekuona.