Kichwa cha Sinyore

Sinyore wa Kiitaliano alitaka kichwa chake kwa mti, zawadi ya mkewe. Siku nne tu, kisha sherehe. Hapa Malindi wazee wa Kiitaliano hawatuishii, lakini huyu alikuwa na pua ya kuvutia na mdomo usiopumzika. Alikaa kwenye kigoda kunionyesha uso, akasimulia maisha yake tangu utotoni.

Sikuwa na muhugu mkavu. Jirani alikuwa ameangusha mwarobaini juzi, nikachukua gogo zima, bichi, linatoa maji. Ubichi ni raha: tezo inaingia kama kisu kwenye papai. Mzee aliyenifundisha kazi akapita, akatazama, akasema, "Mwanangu, umeacha moyo wa mti ndani. Lipasue katikati, uchonge nusu moja."

"Nusu haitoshi pua, mzee."

Akaenda zake anacheka. Angekuwa yeye, angekata umbo la juujuu, alifunike gunia na maranda kivulini wiki kadhaa likauke polepole, ndipo amalizie kwa patasi na msasa. Mimi nilikuwa na siku nne. Nikapiga msasa, nikapaka nta, kichwa kikang'aa. Sinyore akalia machozi.

Akakipeleka hotelini, chumba chenye eyakondishena.

Usiku wa pili: PAA! Askari akaja mbio na rungu, akidhani ni risasi. Asubuhi naitwa. Ufa umeanzia utosini, umeshuka paji lote, umesimama kwenye ncha ya pua.

Gogo hukauka kuanzia nje. Nje kunasinyaa, ndani bado kumejaa maji na hakukubali, basi nje kunachanika kuelekea moyoni. Ile eyakondishena ilikausha kwa siku mbili kilichotaka miezi. Mwarobaini husifiwa kutibu maradhi arobaini, ufa haumo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaziba: unga wa msumeno na gundi nyeupe. Ila unga niliookota ulikuwa wa muhugu, wa manjano, na mwarobaini umeelekea wekundu. Sinyore akawa na kovu la jambazi. Kesho yake mti ukaendelea kusinyaa, ufa ukapanuka, kiraka kikachomoka mbele ya wageni na kudondoka kwenye kahawa ya mama mkwe.

Nikaenda na pesa zake mkononi, kichwa (changu) chini. Sinyore alikuwa ameanza kunifokea kwa lugha tatu, mkewe akamnyamazisha. Alikuwa ameshachomeka miwani yake ya jua kwenye ule ufa, imekaa sawasawa. Pesa akakataa. Akapitisha kidole kutoka utosini hadi puani, akaniuliza kwa upole:

"Fundi, mdomoni utafika lini?"