Daraja Liwe la Mwisho: Mtandao wa Maabara Ndani ya Laptopu Moja

Jumamosi moja kijana ninayemfundisha alifika na laptopu yake, akaiweka mezani na kusema, "Mwalimu, nyumbani inafanya kazi, lakini huku imekataa kabisa." Nyumbani kwake ni Roysambu, nasi tulikuwa kwenye chumba cha mafunzo katikati ya jiji. Ndani ya laptopu alikuwa na mashine pepe mbili za VirtualBox, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya laptopu: moja seva ya wavuti yenye Apache, nyingine hifadhidata ya MariaDB. Kadi za mtandao za mashine zote mbili alikuwa ameziweka `Bridged Adapter`, kisha akazipa anwani za kudumu, 192.168.100.50 na 192.168.100.51, kwa sababu ruta ya nyumbani kwake inagawa anwani za 192.168.100.

Kule jijini waifai inagawa anwani za aina nyingine, zinazoanza na 172.16. Laptopu ilipata anwani mpya, lakini mashine pepe zilibaki na anwani za Roysambu. Kivinjari hakikuweza kufungua 192.168.100.50, na `apt update` ndani ya mashine ilikwama kwa kuwa lango la mtandao ililolitafuta lilikuwa limebaki nyumbani. Hakuna kilichoharibika. Maabara yake ilikuwa imefungwa kwenye ruta moja, naye husafiri nayo kwa matatu kila siku.

Kwa mwanafunzi wa Nairobi anayefanyia kazi kwenye laptopu moja na waifai ya kuchangia, naamini mtandao wa daraja, yaani huo wa `Bridged Adapter`, ndio anaopaswa kuufikiria mwisho kabisa. Hata hivyo ndio wengi wanaoanza nao, kwa sababu kwa dakika tano za kwanza unaonekana umemaliza kila kitu: mashine inapata intaneti, laptopu inaiona, na mashine nyingine zinaiona pia.

Daraja linaichukua mashine pepe na kuichomeka kwenye mtandao ule ule wa laptopu, kana kwamba umeleta kompyuta nyingine chumbani. Ina anwani yake ya MAC, yaani namba inayoitambulisha kadi ya mtandao, inaomba anwani ya IP kwa ruta, na kila aliye kwenye mtandao huo anaweza kuifikia. Kwenye kebo hilo linakwenda vizuri. Kwenye waifai, kituo cha waifai kinaijua anwani ya MAC ya kadi iliyojiunga, basi. Fremu ikija na MAC ngeni haipokelewi, kwa hiyo VirtualBox hulazimika kuiandika upya kila fremu inayotoka ili ibebe MAC ya laptopu. Mara nyingi ujanja huo unafaulu. Lakini mahali ambapo mtandao hukagua kila kifaa, au hutaka uingie kwanza kwa ukurasa wa nenosiri, utakuta mashine haipati anwani, au inaipata kisha inanyamaza. Ukiona laptopu ina intaneti na mashine ya daraja haina, jaribu kwa kebo kabla hujaanza kufungua mafaili ya mipangilio.

Mimi mwenyewe nililijua daraja kwa njia mbaya. Nilikuwa nimepanga nyumba Kasarani, jengo zima likitumia ruta moja, na kebo zikishuka ngazini hadi kwenye swichi ya pamoja. Usiku mmoja nilikuwa najifunza `dnsmasq`, programu inayoweza kugawa anwani kwa DHCP, utaratibu ule ule ambao ruta hutumia kuvipa vifaa anwani. Niliiwasha kwenye mashine pepe, nikaiambia igawe anwani za 192.168.50, nikasahau kwamba kadi yake ilikuwa ya daraja. Baada ya kama saa moja jirani wa mlango wa pili alinigongea. Binti yake alikuwa anatuma kazi ya chuo, taa za ruta zote zinawaka, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Nilipoitazama kompyuta ya yule binti niliona anwani 192.168.50.112. Nilishtuka. Ilikuwa anwani yangu.

Kompyuta inayotafuta anwani hupiga kelele kwa mtandao mzima, na kwa kawaida huchukua jibu linalowahi kufika. Mashine yangu ilikuwa inaiwahi ruta ya jengo, ikiwaambia majirani kwamba lango la intaneti ni yenyewe, ilhali haikuwa na njia ya kuwapitisha. Niliizima papo hapo, lakini waliokwisha kupewa anwani walibaki nazo, kwa sababu nilikuwa nimezipa muda wa saa 12. Nilipita mlango kwa mlango nikiwaomba radhi na kuwaomba wachomoe kebo na kuichomeka tena. Yule binti aliituma kazi yake usiku wa manane.

Turudi kwa kijana wangu. Alipoelewa tatizo la daraja alihamisha mashine zote mbili kwenda `NAT`, akaziondolea anwani za kudumu ili zipewe anwani kwa DHCP. Intaneti ikarudi mara moja, kwa sababu kwenye NAT mashine hujificha nyuma ya laptopu, na mtandao wa nje hauoni ila laptopu yenyewe. Lakini seva ya wavuti ikaipoteza hifadhidata. Alipoandika `ip -br a` kwenye kila mashine, zote mbili zilimwonyesha 10.0.2.15. Alidhani amekosea alipoinakili mashine ya kwanza. Hakukosea. Kwenye VirtualBox kila mashine ya NAT hupewa ruta yake ndogo ya peke yake, lango likiwa 10.0.2.2, na zote huanzia anwani ile ile. Ni kama wapangaji wawili wenye mlango namba moja kwenye ploti mbili tofauti: namba inafanana, lakini hakuna ngazi inayowaunganisha.

Aina ya tatu, `Host-only Adapter`, huunda mtandao unaoishi ndani ya laptopu tu. Laptopu huwa 192.168.56.1, na mashine zote zilizo humo huonana zenyewe kwa zenyewe na huonana na laptopu. Hazina njia ya kwenda intaneti. Mtandao huo haujali uko Roysambu, uko jijini au uko kwa shangazi Machakos bila waifai yoyote. Anwani hazibadiliki.

Kwa hiyo tulizipa mashine zake kadi mbili kila moja: ya kwanza `NAT`, ya kupakulia vifurushi, na ya pili `Host-only Adapter`, ya kuzungumzia. Hapa wengi hukwama, kwa kuwa Ubuntu Server iliyokwisha kusakinishwa haiiwashi kadi ya pili yenyewe. Utaiona `enp0s8` ipo lakini haina anwani, ukadhani VirtualBox imekataa. Unaiandika kwenye faili lililo ndani ya `/etc/netplan/`:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s3:
      dhcp4: true
    enp0s8:
      addresses: [192.168.56.11/24]
```

Kisha `sudo netplan apply`. Hifadhidata tuliipa 192.168.56.12. Tulibaki chini ya 100 makusudi, kwa kuwa DHCP ya VirtualBox kwenye mtandao huo huanza kugawa kwenye 101. Na kwa `enp0s8` usiandike lango lolote. Ukiweka 192.168.56.1 kuwa lango, mashine itakuwa na njia kuu mbili, na pakiti za intaneti zinaweza kuishia kwenye laptopu zikipotea. Andika `ip route`, mstari unaoanza na `default` uwe mmoja tu, unaopitia 10.0.2.2.

Baada ya hapo `ping 192.168.56.12` ilijibu, lakini tovuti bado ililalamika kwamba hifadhidata haipatikani. Nilimwomba asome kosa lenyewe polepole: `Connection refused`. Neno hilo ni habari njema kwa mtu wa mitandao. Pakiti imefika, mashine ya pili imejibu, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye mlango ule. Kungekuwa na kasoro ya njia, angesubiri hadi muda uishe. MariaDB ilikuwa bado imeelekezwa kusikiliza 192.168.100.51, anwani ya Roysambu isiyokuwepo tena, basi tukabadilisha `bind-address` kuwa 192.168.56.12 ndani ya `/etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf`, tukaiwasha upya, ukurasa ukafunguka.

Jambo moja kwa wenye Windows: mashine ikipiga `ping` kwa 192.168.56.1 na kukosa jibu, usibomoe mtandao wako. Ukuta wa moto wa Windows mara nyingi huzuia `ping` inayoingia. Jaribu upande wa pili, kutoka laptopu kwenda mashine.

Kwa wanaojifunza usalama nina msimamo mkali zaidi. Mashine kama Metasploitable 2 imetengenezwa kwa makusudi iwe na matundu. Nenosiri lake la kuingilia ni `msfadmin`, sawa na jina la mtumiaji, na linajulikana dunia nzima. Kuiweka kwenye daraja katika jengo lenye waifai ya pamoja ni kumwachia jirani yeyote kompyuta iliyo wazi ndani ya mtandao wa wenzake. Mashine hiyo ipewe kadi moja tu, ya `Host-only Adapter`, na hata NAT iondolewe, maana anayeivamia asipate njia ya kutokea. Na hata hapo kumbuka laptopu yako iko kwenye mtandao huo pamoja nayo: folda ulizoshiriki na huduma ulizowasha zinaonekana kutoka ndani. Ukitaka laptopu nayo iwe nje kabisa, kuna `Internal Network`, inayoziunganisha mashine peke yao.

Daraja lina kazi yake, na siipuuzi. Ukitaka kuwasha kompyuta halisi kupitia mtandao kutoka kwenye seva pepe, au kujifunza DHCP kwa vifaa vya kushikika, hakuna mbadala. Fanya hivyo kwa kebo, kwenye swichi yako ndogo isiyounganishwa na ya jengo.

Kijana wangu alikuwa na hoja moja ya kulitetea: alitaka kuiona tovuti yake kwenye simu. Hata hilo halikuhitaji daraja. Mashine ikiwa imezimwa, tuliifungulia NAT tundu moja:

```
VBoxManage modifyvm "wavuti" --natpf1 "web,tcp,,8080,,80"
```

Simu ikafungua anwani ya laptopu yenyewe na `:8080` mwishoni mwake, na laptopu ikaipitisha hadi mlango wa 80 wa mashine. Pale jijini ilikataa kwanza, kwa sababu waifai ile haiviruhusu vifaa vya wageni kuonana, hivyo aliwasha hotspoti ya simu na kuiunganisha laptopu humo. Kabla ya kufunga begi alizima mashine na kuliziba tundu:

```
VBoxManage modifyvm "wavuti" --natpf1 delete web
```