Biti 12 za DAC au biti 8 za PWM kwa sini ya 1000 Hz?

"Mimi ni fundi wa amplifaya hapa Busia. Nina Arduino Uno, nataka sini safi ya 1000 Hz ya kupimia, na siku nyingine frikwensi nyingine nitakayochagua mwenyewe. Muuzaji wa Nairobi ananiambia ninunue MCP4725 kwa sababu ina biti 12, PWM ni ya watoto. Ninunue?"

Ndugu fundi, kwa kazi hiyo usiinunue. Muuzaji hakudanganya kuhusu biti 12, ila hakukuambia zinapitia mlango gani. MCP4725 ni chipu ya DAC, yaani ya kugeuza namba kuwa volti, na hupokea namba hizo kwa I2C, njia ya waya mbili; kila sampuli ikitumwa peke yake inahitaji angalau baiti tatu, ile ya anwani ikiwemo. Kila baiti ina biti moja ya kukiri, kwa hiyo ni biti 27, bado mwanzo na mwisho. Kwa kasi ya kawaida ya Arduino, 100 kHz, unapata kama sampuli 3,400 kwa sekunde. Gawanya kwa 1000: kila wimbi linachorwa kwa nukta tatu na kidogo. Hiyo kwenye oskiloskopu ni ngazi ya kupandia darini, sini haionekani. Ukipandisha hadi 400 kHz unafika 13,000 hivi, tena hapo hujahesabu muda wa programu yenyewe. Chipu hiyo inafaa vitu vya polepole. Kwa wimbi la 50 Hz kama la umeme wetu ingekupa nukta karibu 68 kwa kila mzunguko, na hapo ningeisifu.

PWM nayo, yaani pini kuwashwa na kuzimwa haraka ili wastani wake uwe volti unayotaka, ina sifa mbaya kwa kosa ambalo si lake. Watu wengi huandika `analogWrite`, na kwenye Uno hiyo hutoa mapigo ya 490 Hz au 976 Hz kutegemea pini. Unataka sauti ya 1000 Hz kutoka kwenye mapigo yaliyo polepole kuliko sauti yenyewe! Kosa la pili ni kuchagua frikwensi kwa kubadilisha `delayMicroseconds` kati ya nafasi moja na nyingine ya jedwali lenye thamani za sini. Jedwali la nafasi 256 likisubiri mikrosekunde 4 kila nafasi hutoa 976.6 Hz, likisubiri 3 hutoa 1302 Hz. Katikati hapo huna kitu, na bado hujahesabu muda wa maagizo mengine.

Njia iliyo sawa ni kuiacha kasi ya kusoma jedwali ilivyo, ukabadilisha urefu wa hatua. Taima 1 ikiendeshwa kwa 16 MHz bila kugawanywa, kwa biti 8, hupiga mara 62,500 kwa sekunde. Kila pigo unaongeza hatua kwenye namba ya biti 32, kisha biti nane za juu zinakuonyesha nafasi ya jedwali:

```c
uint8_t jedwali[256];
volatile uint32_t awamu = 0, hatua = 68719477UL;

ISR(TIMER1_OVF_vect) {
  awamu += hatua;
  OCR1A = jedwali[awamu >> 24];
}

// ndani ya setup()
for (int i = 0; i < 256; i++) jedwali[i] = round(127.5 + 127.5 * sin(2 * PI * i / 256));
pinMode(9, OUTPUT);
TCCR1A = _BV(COM1A1) | _BV(WGM10);
TCCR1B = _BV(WGM12) | _BV(CS10);
TIMSK1 = _BV(TOIE1);
```

Hatua ni `f × 2^32 / 62500`. Kwa 1000 Hz ni 68,719,477. Kwa 440 Hz ni 30,236,570. Ukitumia namba ya biti 16 badala ya 32, frikwensi zitaruka karibu 1 Hz kwa 1 Hz, na hilo kwa amplifaya halina shida. Mimi hutumia 32 kwa sababu chipu ina nafasi.

Sasa bei ya PWM inaanza kudaiwa kwenye chujio. Sini inapopita katikati, pini iko juu nusu ya muda, na pigo la 62,500 Hz lenyewe lina kilele cha volti 3.18, wakati sini yako nzima ina kilele cha 2.5. Takataka ni kubwa kuliko chakula. DAC yenye kasi hiyo hiyo ingeacha mabaki ambayo kubwa kuliko yote ni asilimia 1.6 tu ya sini, kwa sababu inashikilia volti hadi sampuli inayofuata. Hapo DAC inashinda wazi.

Chujio ninachoweka ni rezista ya 3.3k na kapasita ya 10 nF, kisha 33k na 1 nF. Rezista ya pili ni kubwa mara kumi ili isiinyonye hatua ya kwanza ya chujio. Lile pigo linapungua mara 169 hivi na kubaki kilele cha milivolti 19, karibu sawa na ngazi moja ya biti 8. Sini ya 1000 Hz inapoteza kama asilimia 5. Lakini ukiipandisha hadi 5000 Hz, inabaki chini ya nusu. Usipolijua hilo utaandika kwenye daftari kwamba amplifaya ya mteja haina sauti za juu, kumbe ni chujio lako.

Mimi niliumia kwa njia nyingine. Niliunganisha chujio moja kwa moja kwenye amplifaya yenye volyumu ya 10k, sini ikashuka chini ya robo, nikafungua amplifaya nzima bure. Kutokea upande wa amplifaya, chujio hilo lina ohmu 36,000. Weka katikati opampu inayotoa volti ile ile inayopokea, na kapasita baada yake ya kuzuia ile volti 2.5 ya kudumu. Ukitumia LM358, usiipe 5 V: haifiki juu zaidi ya 3.5 V hivi, na utaona vichwa vya sini vimekatwa bapa huku chini iko mviringo. Ipe 12 V.

Kuna jambo moja ambalo wanaosifu DAC husahau. PWM ya Uno huipokea namba mpya na kuitumia pigo linapoanza upya, kwa hiyo katizo linaloweka namba hiyo likichelewa kidogo, wimbi halitikisiki. DAC inayopokea namba kwa SPI, njia yenye kasi kuliko I2C, hubadilika pale programu inapomaliza kutuma, na katizo la `millis` likiingia kati, sampuli inachelewa.

Bado iko kazi ambayo ningekutuma ukanunue DAC: kupima upotoshaji. Biti 8 zina makosa ya karibu asilimia 0.3 zenyewe, kwa hiyo amplifaya yenye asilimia 0.05 huwezi kuihukumu. Hapo chukua MCP4921, nayo ni biti 12 lakini kwa SPI: biti 16 kwa 8 MHz ni mikrosekunde 2, na una 16 kati ya sampuli. Ila badilisha na jedwali. Nafasi 256 zitakurudisha kwenye usafi ule ule wa biti 8 hata DAC ikiwa ya biti 12. Nafasi 4096 za baiti mbili zinakula 8 KB ya flash, na Uno ina 32.

Kwa kufuata sauti ndani ya amplifaya hadi inapopotea, na kuona inaanza kukatika kwa volti ngapi, PWM inatosha. Kitu cha mwisho ni saa ya Uno: chipu kuu huendeshwa na resoneta ya kauri, ambayo inaweza kukosea nusu asilimia. Ukiomba 1000 na mita ikasoma 1003, gawanya hatua kwa 1.003, uandike 68,513,935.