Zamu za jikoni zihesabiwe kwa uzito wa chakula

Tunaishi wanne kwenye nyumba ya kupanga Tabata: kaka, mimi, mdogo wangu wa kike na kitinda mimba wetu aliye chuo. Ratiba yetu ya kwanza ilikuwa majina na siku, basi. Siku moja nikarudi kazini saa moja usiku, zamu yangu, wali na maharage, na hakuna aliyeyaloweka. Nikayabandika makavu hivyo hivyo. Tukala saa nne, gesi imeteketea. Jana yake kaka alipika ugali na dagaa waliokwisha kuchambuliwa, dakika 40 akawa amemaliza. Kwenye karatasi kila mmoja amepika siku moja.

Mimi nasema ratiba ya namna hiyo inaonea watu. Hesabu maharage ya nazi: kuchambua, kuloweka tangu usiku wa jana, kuchemsha saa moja na zaidi, kukuna nazi mbili, kukamua tui, kuunga, ndipo uinjike wali. Huwezi kusema hiyo ni zamu moja sawa na ugali na mchicha.

Kuna tatizo jingine tulilochelewa kuliona. Chakula cha jioni ni mara saba kwa wiki, sisi wanne, na saba haigawanyiki kwa nne. Lazima mmoja apungukiwe, na soko lilikuwa halimo kabisa kwenye karatasi. Lilikuwa linaniangukia mimi na mdogo wangu kwa sababu eti kaka hajui kuchagua nyanya. Tulipoliingiza soko la Jumamosi kama zamu ya nane, hesabu ikakaa: kila mtu zamu mbili.

Tukaandika N kwa nzito na P kwa nyepesi. Jumatatu ugali, mchicha na dagaa, P. Jumanne wali na maharage ya nazi, N. Jumatano ugali na maharage, P, kwa sababu Jumanne tunachemsha kilo nzima, na nusu inatolewa kabla ya kutiwa tui, maana tui huchachua chakula upesi kwenye joto la Dar. Alhamisi ndizi nyama, N; aliyewahi kumenya ndizi mbichi za watu wanne anajua utomvu wake. Ijumaa ugali na bamia, P. Jumamosi wali na samaki wa kukaanga, P. Jumapili pilau, N. Hizo ni nzito tatu na nyepesi nne, na soko ndilo nzito ya nne. Kila mmoja anapata nzito moja na nyepesi moja, kisha wiki inayofuata majina yanasogea nafasi moja. Kuloweka nako kumeandikwa, tena kwenye mstari wa Jumatatu: "Usiku, loweka maharage," na jina la mpishi wa Jumanne.

Soko tunakwenda Buguruni. Kwa wiki hiyo tunachukua mchele kilo mbili, unga kilo mbili, maharage kilo moja, nazi, vitunguu, nyanya, ndizi, nyama na samaki. Mchicha na bamia havimo, mpishi ananunua genge la jirani siku ileile, maana mboga ya majani ya Jumamosi haifiki Jumatatu. Kaka alipokwenda mara ya kwanza alileta nyanya zote zilizoiva, kufika Jumatano nusu zimeoza. Hatukumvua zamu. Tuliongeza maneno kwenye orodha: "Nyanya nusu zilizoiva, nusu zenye ubichi." Wiki iliyofuata aliyekwenda na orodha ile alikuwa kitinda mimba, na nyanya zikafika Ijumaa.

Kwenye pesa ndipo tulipobishana kweli. Kaka ana mshahara mzuri kuliko sisi na anatoa zaidi, kwa hiyo akaomba zamu yake nzito iondolewe. Nilimwambia, "Kaka, pesa yako inanunua nyama, lakini haimenyi ndizi." Sikusema kwa kiburi. Tukimtoa mwenye pesa jikoni, nzito nne zinabaki kwa watu watatu, na nawajua watakaobeba: mimi na mdogo wangu. Mchango ulingane na kipato, mikono ilingane na mikono. Alikaa kimya siku mbili, kisha Alhamisi nikamkuta amejipaka mafuta viganjani, sinia la ndizi mbele yake.

Kubadilishana kunaruhusiwa, ila nzito kwa nzito, ndani ya wiki hiyohiyo, na kunaandikwa kwenye karatasi ile ile ukutani. Kitinda mimba alipokuwa na mtihani wa Ijumaa, nilimenya ndizi zake za Alhamisi. Jumamosi yeye ndiye aliyebeba vikapu vyangu kutoka Buguruni.